Mtoto yuko Kihonda, jina limebaki Geita

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama lishe, nakaa Kihonda, Morogoro. Mwishoni mwa Juni nilimchukua binti wa dada yangu kutoka Geita. Dada anaumwa, anatibiwa Mwanza, na hatujui atakaa huko hadi lini. Baba wa mtoto yuko machimboni, tumeongea kwa simu, amekubali binti akae kwangu. Mtoto yuko darasa la tano. Shule zilipofunguliwa Julai nikampeleka shule ya jirani. Mwalimu mkuu akasema mwaka umeshafika katikati, niandike barua ya kuomba nafasi na niambatishe vielelezo. Nikapiga simu shule ya Geita, wakasema hawatoi uhamisho mpaka waone shule iliyokubali kumpokea. Huku naambiwa nianze kule, kule naambiwa nianze huku. Wiki ya tatu sasa mtoto anashinda na mimi jikoni.

Barua nimeandika, kurasa mbili. Inaanza hivi: "Mheshimiwa mkuu wa shule, kwa machozi na unyenyekevu mkubwa naja mbele yako kukuomba umhurumie mtoto huyu asiye na msaada..." Jirani anasema nikunje na elfu ishirini ndani ya bahasha. Cheti cha kuzaliwa ninacho, ila jina la tatu silo lile aliloandikishwa shuleni. Nifanyeje?

Mama mdogo, Kihonda

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Nimekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila Julai walikuja watu wa aina yako, wameshika mtoto mkono mmoja na bahasha mkono mwingine. Kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Kwanza hili la kuzungushwa. Wanaokuambia hivyo hawakudanganyi, ila kila mmoja anataja nusu yake. Kuna karatasi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Moja ni uthibitisho wa nafasi: shule unakotaka kumpeleka mtoto inasema, kwa maandishi na muhuri, kwamba darasa la tano wana nafasi na wako tayari kumpokea taratibu zikikamilika. Ya pili ni uhamisho wenyewe: shule anakotoka inamtoa kwenye orodha yake na kumkabidhi. Uthibitisho hutangulia, uhamisho hufuata. Mwalimu mkuu wa Geita hawezi kumtoa mtoto aende hewani. Akimtoa na kumbe hakuna anakopokelewa, huyo mtoto amepotea na mikono yake ndiyo iliyomwachia.

Kwa hiyo unaanzia Kihonda. Lakini kosa lako lilikuwa kuomba mtoto apokelewe, na mwalimu mkuu hana uwezo wa kumpokea mtoto ambaye bado ni wa shule nyingine. Omba jambo dogo zaidi: akuthibitishie nafasi. Hilo anaweza kulitia saini siku hiyohiyo akiwa amekaa.

Sasa barua. Nimesoma kurasa zote mbili, na sitakuficha: ningeipokea mimi, ningekuonea huruma na ningekurudisha nyumbani. Nimeyaona machozi, nimeona dada ni mgonjwa kwa namna ambayo hata jina la ugonjwa umelitaja, nimeona wewe ni mtu wa dini. Sikuona mtoto anatoka shule gani. Sikuona alipofikia kimasomo. Sikuona baba yake yuko wapi. Na kitu kidogo, lakini walimu tunakiona: shule ya msingi ina mwalimu mkuu. Mkuu wa shule yuko sekondari.

Mwalimu mkuu akisoma barua ya kuhamia katikati ya mwaka huwa anajiuliza maswali matatu kimoyomoyo. La kwanza: huyu aliyesimama mbele yangu ni nani kwa huyu mtoto? La pili: mtoto huyu anatoka wapi hasa, na huko aliondoka vizuri? La tatu: kwa nini sasa, kwa nini asisubiri Januari? Barua inayojibu hayo matatu hata kwa ukurasa mmoja inatosha. Isiyoyajibu, hata ikiwa na kurasa kumi, itaishia kwenye droo.

Swali la kwanza ndilo zito kuliko unavyodhani. Wakati fulani nilimpokea mtoto aliyeletwa na shangazi yake, nikamhurumia, sikuuliza. Baada ya mwezi baba akaja getini na askari, anasema mtoto wake ametoroshwa. Kumbe wazazi walikuwa na kesi. Nilijieleza polisi nusu siku nzima. Tangu hapo sikumpokea mtoto aliyeletwa na asiye mzazi bila karatasi ya mzazi, na sidhani kama mwalimu mkuu wako ni tofauti. Kwa hiyo ile simu ya machimboni haitoshi. Mwambie shemeji yako aandike kwa mkono wake, nusu ukurasa tu: yeye ni nani, mtoto ni nani, anaridhia akae kwa mama yake mdogo Kihonda na asome huko, na sababu. Asaini mbele ya mtendaji wa kijiji alipo, apate muhuri, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake cha taifa na namba ya simu inayopatikana. Akupigie picha akutumie WhatsApp leo ili uanze kazi, halafu ile yenye wino aitume kwa basi. Picha ya simu inafungua mlango, lakini faili la shule linataka karatasi.

Na wewe upande wako nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua ya utambulisho kwamba unaishi mtaani kwake na mtoto unaishi naye. Kama wewe na dada yako mnachangia jina la baba, vyeti vyenu vya kuzaliwa vitaonyesha undugu bila maelezo marefu.

Swali la pili, la anakotoka, linajibiwa na ripoti. Hapa una bahati ambayo hukuijua. Umemchukua mwishoni mwa Juni, maana yake alishafanya mtihani wa muhula wa kwanza. Omba shule ya Geita ikupe ripoti ya maendeleo ya muhula huo, yenye alama za kila somo na sahihi ya mwalimu wa darasa. Ripoti hiyo inafanya kazi mbili. Inamwonyesha mwalimu mkuu kwamba mtoto hakufukuzwa wala hakuwa mtoro, na inamkinga mtoto asirudishwe darasa la nne. Watoto wanaohamia katikati ya mwaka hurudishwa nyuma kirahisi sana, kwa sababu mwalimu hajui wamefika wapi na hataki kubahatisha. Mtu aliyehama Machi huwa hana cha kuonyesha zaidi ya ripoti ya mwaka uliopita. Wewe unacho.

Usisahau pia kuomba namba yake ya PReM. Huu ni mfumo wa Baraza la Mitihani ambamo kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake, na namba hiyo humfuata hadi kwenye usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Shule ya Geita wanayo. Iandike mahali pasipopotea.

Swali la tatu, kwa nini sasa, ndilo umelijibu kwa machozi wakati lilihitaji mistari miwili. Mama yuko kwenye matibabu ya muda mrefu mkoa mwingine, baba anafanya kazi machimboni, hakuna mtu mzima wa kubaki na mtoto Geita. Basi. Ugonjwa wenyewe usiutaje. Barua ya shule hupita mikononi mwa karani, mwalimu wa darasa, wakati mwingine na mjumbe wa kamati, na kesho yake mtoto anaulizwa darasani mama yako anaumwa nini. Kama shule itataka ushahidi wa matibabu, peleka nakala ya barua ya rufaa au kadi ya miadi, na unapotoa kopi funika kwa karatasi nyeupe pale palipoandikwa ugonjwa. Tarehe, jina na muhuri wa hospitali vinatosha.

Jambo la jina la tatu limenifanya niweke kikombe chini. Nalo wengi hulificha, wakidhani litaonekana kama udanganyifu. Usilifiche. Litaje mwenyewe kwenye barua, kwa sababu mwalimu mkuu ataliona tu atakapoweka cheti na ripoti pamoja, na hapo itaonekana umeleta vyeti vya watoto wawili. Kwa ulivyonieleza, nadhani mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la ukoo wa mama, cheti kikatoka baadaye kwa jina la baba. Hutokea kila siku. Dawa yake iko Geita, kwa sababu ndiko jina lilikoingizwa, na ni rahisi zaidi kulirekebisha kabla mtoto hajahamishwa kuliko baada. Tuma nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na maombi ya uhamisho, uombe kwa maandishi jina lisahihishwe kwenye rejista na kwenye PReM lifanane na cheti. Wakitaka kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, mzazi anaapa mbele ya hakimu au wakili. Mkiacha hivyohivyo, jina bovu litapanda naye hadi mwisho wa shule ya msingi, na likishaingia kwenye cheti cha mtihani utakuja kulihangaikia akiwa anatafuta kazi.

Nimekuandikia barua upya. Nafasi zenye nukta ujaze wewe. Iandike kwa mkono kama mwandiko wako unasomeka, au ipige chapa steshenari, vyote sawa.

*

Mtaa wa ....................,
Kata ya Kihonda,
S.L.P. ..........,
Morogoro.
Simu: ....................
Tarehe: ....................

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ....................,
S.L.P. ..........,
MOROGORO.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA UTHIBITISHO WA NAFASI DARASA LA TANO KWA MWANAFUNZI ANAYEHAMIA KUTOKA GEITA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mdogo wa mwanafunzi (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa), aliyezaliwa tarehe .......... Ni mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi .........., Halmashauri ya .........., Mkoa wa Geita. Namba yake ya PReM ni ...........

Mtoto huyu anaishi nami tangu mwishoni mwa Juni mwaka huu. Mama yake yuko Mwanza kwa matibabu ya muda mrefu na baba yake anafanya kazi machimboni, hivyo hakuna mlezi aliyebaki naye Geita. Baba yake ameridhia kwa maandishi akae kwangu na kuendelea na masomo hapa.

Amemaliza muhula wa kwanza na ripoti yake nimeiambatisha. Hajahudhuria masomo tangu shule zilipofunguliwa Julai kwa kuwa taratibu za uhamisho hazijakamilika.

Naomba unithibitishie kwa maandishi kama ipo nafasi darasa la tano, ili niwasilishe uthibitisho huo kwenye shule anakotoka na fomu ya uhamisho ijazwe na kupitishwa na maafisa elimu wa pande zote mbili.

Naomba pia ufahamu kuwa jina la tatu lililo kwenye ripoti ni tofauti na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ni mtoto mmoja. Nitaiomba shule anakotoka irekebishe kabla ya kumhamisha.

Naambatisha nakala za cheti cha kuzaliwa, ripoti ya muhula wa kwanza, barua ya ridhaa ya baba na kitambulisho chake, na barua ya serikali ya mtaa. Halisi ninazo kwa ukaguzi.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(sahihi na jina lako kamili)

*

Angalia sentensi inayosema mtoto hajahudhuria tangu Julai. Najua ungependa kuiondoa. Iache palepale. Wiki tatu za kukosa shule zitaonekana tu, na ukizisema wewe kwanza zinakuwa sehemu ya maelezo, ila akizigundua mwenyewe zinakuwa tuhuma. Na kule Geita, kama hujawaandikia, huenda jina lake linawekewa alama ya utoro kila asubuhi. Wapigie kesho asubuhi, waambie mtoto yuko wapi na maombi ya uhamisho yako njiani, kisha fuatisha kwa maandishi.

Nenda na barua nakala mbili. Moja unamwachia mwalimu mkuu, nyingine unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo. Usione aibu kuomba muhuri, kila ofisi inajua maana yake. Nenda asubuhi baada ya mstari, si saa ya chai wala siku ya kikao cha kamati. Na mchukue mtoto, akiwa na sare ya shule yake ya zamani na madaftari yake ya Geita. Madaftari hakuna anayeyaandika kwenye orodha ya viambatisho, lakini mimi nilikuwa nayafungua kabla ya ripoti. Daftari la hisabati linasema mada ipi wamefikia na mtoto anafanya kazi yake namna gani. Mwalimu wa darasa akilipitia dakika tano anajua atakapoanzia naye.

Ukishapata uthibitisho wenye muhuri, unautuma Geita pamoja na barua fupi ya baba, kwa sababu yeye ndiye mzazi anayejulikana pale, kuomba uhamisho. Shule inajaza fomu ya uhamisho sehemu yake. Kwa kuwa ni kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, kwa kawaida fomu hupitia maafisa elimu wa huko na wa huku, na hapo ndipo muda unapokwenda. Karatasi haitembei yenyewe. Tafuta ndugu mmoja Geita aliye karibu na shule, umpe jukumu hilo kwa jina, awe ndiye anayekwenda kuulizia fomu imefika meza gani. Baba akiwa shimoni wiki nzima bila mtandao, fomu itakaa kwenye trei.

Uhamisho ukifika, watu wengi hushangilia na kwenda zao. Hapo ndipo mimi nilipokosea, na nikwambie ili usikosee. Nilikuwa na kijana aliyehamia kwetu darasa la tano. Karatasi zote zilikuwepo, akapewa dawati, akapewa hata kazi ya kupiga kengele. Darasa la saba tunasajili watahiniwa, jina halipo kwetu kwenye mfumo. Lipo shule ya zamani, nao walishamsahau. Kwenye karatasi alikuwa amehama, kwenye PReM hajahama. Tulihangaika wiki mbili kumpata mwalimu mkuu wa kule, ambaye naye alikuwa amehamishwa. Kosa lilikuwa langu, nilipaswa kuhakikisha siku ya kwanza.

Kumhamisha kwenye mfumo ni kazi ya walimu wakuu wawili, wewe hufanyi. Kazi yako ni kuuliza. Baada ya wiki mbili hivi rudi shuleni, umwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe jina la mtoto kwenye orodha ya PReM ya shule ya Kihonda. Uulize pia namba yake ya usajili kwenye rejista ya uandikishaji. Na nyumbani jioni muulize mtoto swali hili moja: jina lako linaitwa asubuhi? Akisema mwalimu anaita wengine na yeye anakaa tu, ujue anahesabika kama mgeni. Ana dawati, hana shule.

Angekuwa darasa la nne au la saba, ningekuandikia majibu tofauti kabisa. Madarasa hayo yana upimaji na mtihani wa kitaifa, la saba Septemba na la nne kawaida Oktoba, na usajili hufanyika mapema mwaka huo. Jina likishafungwa kwenye shule ya zamani si rahisi kulihamisha. Nimeona watoto wakisoma Morogoro miezi mitatu kisha wakapandishwa basi kurudi kufanya mtihani walikosajiliwa. Kwa wa tano hilo halipo, ndiyo maana nakuambia mwaka huu ni mzuri kuhama hata kama umeambiwa umefika katikati.

Akikuambia nafasi hakuna? Inawezekana ni kweli. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa na shule nyingi za mjini zimeshakivuka, kwa hiyo usimwone mkorofi. Mwombe aandike hivyo kwenye nakala yako, "nafasi hakuna", na sahihi. Kisha nenda kwa Afisa Elimu Kata. Yeye anazijua shule zote za kata, anajua ipi ina mikondo miwili ya darasa la tano na ipi imejaa, na anaweza kukuelekeza kwa barua. Usiruke kwenda halmashauri kabla ya kupita kwake, watakurudisha kwake tu. Na kama kuna shule mbili ndani ya mwendo wa miguu, peleka barua zote mbili siku moja. Si kosa. Kosa ni kupata nafasi mbili na kuziacha zote zimekushikia.

Akikuambia nafasi ipo ila ulete dawati au mchango kwanza, jibu kwa upole kwamba mchango utazungumza na kamati mtoto akishaandikishwa. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 unasema hivyo, na mchango si tiketi ya kuandikishwa. Shule nyingi zina shida ya madawati kweli, na ukiweza kusaidia baadaye ni jambo jema, lakini yasifungwe pamoja.

Ile elfu ishirini itoe kwenye bahasha. Ni rushwa, na pia ni ujinga wa kibiashara, samahani kwa neno. Unampa mwalimu mkuu sababu ya kuwaza kuna nini kibaya kwenye hizi karatasi mpaka zinahitaji kusindikizwa. Ingemfika mwalimu mwenye msimamo, ungekuwa umeharibu ombi ambalo lilikuwa safi. Elfu ishirini hiyo ndiyo itakayolipia kopi, picha ndogo za mtoto, na kifurushi cha basi cha kwenda na kurudi Geita. Nenda nayo steshenari kesho, ukimaliza kumpigia shemeji yako.